Namba sita nilizomtumia mweka hazina

"Habari mtaalamu. Nauza vitenge Busia, upande wa Uganda. Jumanne mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba aliniandikia WhatsApp: 'Dada, nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya, nirudishie haraka.' Nikaangalia meseji, kweli zipo, nikamtumia. Dakika chache baadaye WhatsApp yangu ikafunga. Jioni wifi yangu akanipigia kuuliza kama mtoto anaendelea vizuri. Kumbe 'mimi' nimemwomba shilingi 200,000 za hospitali na ameshatuma. Nimejaribu kuingia tena, nikaweka namba mpya zilizokuja, sasa inataka pini ambayo sikuiweka mimi. Mwanangu anasema simu ina virusi na laini nitupe. Je, na pesa za momo zitachukuliwa? Pini yangu ni mwaka wa kuzaliwa, ndiyo natumia kila mahali."

Pole sana, dada. Kwanza kabisa, laini usiitupe. Kadi hiyo ndogo ndiyo kitu pekee ambacho mwizi hana, na ndiyo itakayokurudishia akaunti. Ukiitupa leo, utakuwa umemwachia nyumba na ufunguo.

Simu yako nayo ni nzima. Hakuna virusi, na mtu akikuambia aifute yote ianze upya, mkatalie, maana atakupotezea mazungumzo na picha bila kutibu ugonjwa. Kilichotokea ni rahisi kuliko virusi. Tofauti na akaunti nyingi, WhatsApp unaifungua kwa namba yako ya simu, na uthibitisho kwamba wewe ni wewe ni kwamba laini imo mkononi mwako. Mtu yeyote, awe Kampala au ng'ambo, anaweza kuweka WhatsApp kwenye simu yake, akaandika namba yako kana kwamba ni yake, akabonyeza kuendelea. Hapo WhatsApp inatuma tarakimu sita kwenye laini yako, kwa imani kwamba mwenye laini peke yake ndiye atakayeziona. Wewe ulizisoma ukampa. Mlango ukafunguka kwake, na kwa kuwa WhatsApp hairuhusu namba moja kuwa akaunti kuu kwenye simu mbili, kwako ukafungwa.

Ujumbe wenyewe huwa unafanana na huu:

```
Your WhatsApp code: 482-913
Don't share this code with others
```

Mstari wa pili unasema usimpe mtu mwingine. Tatizo ni kwamba mtu akiwa na haraka, mteja yuko mbele yake na mita inasubiri kukatwa, macho huruka moja kwa moja hadi kwenye namba.

Ile hadithi ya "nimekutumia kwa bahati mbaya" haiwezi kuwa kweli hata siku moja, na sababu yake ni ya kimakanika. Tarakimu za WhatsApp huenda kwenye namba ile ile inayofunguliwa. Msimbo wa mweka hazina ungetua kwenye laini ya mweka hazina. Zikitua kwako, maana yake kuna aliyeandika namba yako, na kinachofunguliwa ni akaunti yako. Kanuni hii inahusu pia Gmail, Facebook na benki: tarakimu zilizokuja kwako bila wewe kuziomba ni mlango wako unaotikiswa, na ukinyamaza tu, mlango haufunguki. Wakati mwingine haziji kwa meseji bali kwa simu, sauti inazisoma moja moja. Ni mamoja.

Na kabla hujagombana na mweka hazina, karibu hakika yeye alinaswa kabla yako, kwa maneno hayo hayo. Mwizi akishika akaunti moja anaingia kwenye kikundi, anaona namba za wanachama wote, anaanza kuwaandikia mmoja mmoja kwa jina la mtu wanayemwamini. Ndiyo maana vikundi vya akiba na vya kanisa au msikiti vinaliwa kama mahindi ya kuchoma, punje baada ya punje. Mpigie kwa sauti, usimwandikie. Mwambie atangaze kwenye kikundi kupitia mwenyekiti, tena leo.

Sasa kuhusu pini unayoulizwa. Umeniambia kwamba uliweka namba mpya ndipo ukaombwa pini. Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani. Mara tu ulipoingiza zile tarakimu sita mpya, mwizi alitolewa nje ya akaunti, hata kama wewe hujaingia bado. Sasa hivi hakuna aliye ndani. Alichokuachia ni kufuli la pili linaloitwa Two-step verification, pini ya tarakimu sita ambayo mwenye akaunti hujiwekea mwenyewe. Wewe hukuwa nayo, yeye akaiwahi. Ukiwa huijui, WhatsApp inakutaka usubiri siku 7, kisha inakuruhusu kuingia bila pini hiyo.

Hizo siku 7 zinauma, hasa kwa mtu anayeuza kwa picha za WhatsApp. Lakini fikiria kazi yake. Kufuli hilo limewekwa ili mtu aliyeiba laini au tarakimu zako asiweze kuingia kwa haraka. Lingekuwa lako tangu mwanzo, Jumanne ungemtumia mwizi namba sita na bado angekwama kwenye pini asiyoijua. Ni kufuli lile lile, ila safari hii limefungwa na mtu asiyehusika.

Katika siku hizo kuna mambo mawili ya kuangalia. Usiendelee kubonyeza kuomba tarakimu mpya kila saa, kwa sababu kila ombi linalorudiwa huongeza muda wa kusubiri ombi linalofuata. Na yeye atajaribu tena kuingia, kwa hiyo meseji za tarakimu zitakuja, na huenda mtu akakupigia akijidai ni mfanyakazi wa mtandao anayekusaidia kurudisha akaunti. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji tarakimu hizo. Vivyo hivyo kwa vijana wanaojitangaza kwamba wanarudisha akaunti kwa shilingi 50,000. Nimeona mtu akilipa, kisha akaombwa namba sita za "kuthibitisha", akarudi pale pale alipoanzia akiwa na pesa pungufu.

Siku ikitimia na ukaingia, nenda Settings, kisha Account, kisha Two-step verification. Weka pini yako mwenyewe, na inapokuuliza anwani ya barua pepe, usiruke. Ukisahau pini, barua pepe hiyo ndiyo itakayokuokoa kusubiri tena siku 7. Kisha fungua Linked devices. Hapo utaona orodha ya kompyuta na vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako. Kifaa usichokijua, kiguse, bonyeza Log out. Nakutajia ukurasa huo kwa sababu kuna wizi mwingine unaopitia hapo: badala ya tarakimu sita, mtu anakushawishi uandike ndani ya WhatsApp yako msimbo wa herufi na tarakimu nane aliokupa yeye. Huo haukufungii nje. Unamkaribisha tu aketi kimya pembeni akisoma unachoandika, na unaweza kukaa wiki bila kujua.

Mazungumzo yako ya zamani, kwa namna hii ya wizi, hayakwenda kwake. Yanakaa kwenye simu yako, hayahami na namba. Ila meseji zilizoingia katika zile saa alizokuwa ndani alizipata yeye, kwa hiyo kama mteja alikutumia kitu cha siri Jumanne jioni, mjulishe.

Kuhusu zile 200,000 za wifi, anayepaswa kupiga simu ni yeye, si wewe, kwa sababu muamala umetoka kwake. Apige 100 kwa laini aliyotumia, akiwa na namba ya muamala iliyo kwenye meseji ya kuthibitisha. Kama pesa bado ziko kwenye akaunti ya mpokeaji, mtandao unaweza kuzizuia. Zikishatolewa kwa wakala, na wezi hawa huzitoa haraka sana, uwezekano ni mdogo, sitaki kukupa matumaini hewa. Hata hivyo aende kituo cha polisi akaandikishe na apewe namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo, maana bila hiyo hakuna ofisi itakayofuatilia laini ile ni ya nani.

Muulize pia jambo moja kwa upole. Kabla ya kuweka pini, momo humwonyesha mtumaji jina la anayepokea. Aliona jina gani? Mara nyingi jibu ni, "Niliona jina la mwanamume nisiyemjua, lakini uliandika kwamba ni laini ya daktari." Pale, sekunde mbili kabla ya pini, ndipo wizi huu unapoweza kukamatwa. Jina likiwa si la ndugu yako, futa, mpigie kwa sauti. Akikataa kupokea au akisema simu yake mbovu aandikiwe tu, umeshapata jibu.

Sasa momo yako. Tarakimu za WhatsApp hazifungui momo. Unapopiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel, menyu inapitia laini iliyo ndani ya simu yako, na mwizi wa WhatsApp hana laini hiyo, ana namba tu. Kwa hiyo salio lako halikuguswa kwa tukio la Jumanne. Ila umeniambia kwamba pini ni mwaka wa kuzaliwa, na hapo ndipo mimi ninapopata wasiwasi kuliko kwenye WhatsApp.

Chukua kitambulisho chako cha taifa uangalie namba ya NIN. Inaanza na C, kisha F kwa mwanamke, halafu tarakimu mbili. Hizo mbili ni za mwaka wako wa kuzaliwa. Tuseme zimesomeka CF84. Mtu yeyote aliyeona namba hiyo anajua kwamba ulizaliwa 1984 hata kabla hajafika kwenye mstari wa tarehe. Sasa hesabu walioiona: wakala aliyeiandika kwenye daftari lake, katibu wa kikundi aliyekusanya picha za vitambulisho, fundi, mwenye nyumba. Pini ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Ukichagua mwaka wa kuzaliwa, umemwachia mwizi michanganyiko isiyofika mia, na kwa anayejua kitambulisho chako, umemwachia mmoja.

Badilisha leo, kabla ya kulala. Njia iko ndani ya menyu ile ile ya *165# au *185#, kwenye sehemu ya akaunti yako. Usichukue mwaka wa mtoto wala tarakimu za mwisho za namba yako ya simu. Chukua kitu ambacho hakijaandikwa kwenye karatasi yoyote: bei ya kitenge cha kwanza ulichouza ukiichanganya na namba ya chumba ulichopanga zamani, kwa mfano. Na ukiwa kwa wakala, funika kidole gumba. Sisi wa Afrika Mashariki tuna adabu ya kumpa wakala simu "anisaidie kubonyeza" na kumtajia pini kwa sauti. Adabu hiyo iache kwenye salamu.

Njia nyingine ya kufikia momo ni mtu kwenda kuomba laini yako itolewe upya, akidai ameipoteza. Akifanikiwa, kadi yako inakufa na yake inafufuka, na tarakimu zote, za WhatsApp, Gmail na benki, zinaanza kutua kwake. Dalili yake ni moja na iko wazi: mtandao unapotea ghafla kwenye simu yako wakati majirani wa mtandao huo huo wanao, na kuizima na kuiwasha hakusaidii. Ukiona hivyo, usingoje asubuhi. Azima simu ya mtandao wako, piga 100, waambie wafunge laini na momo, kisha nenda mwenyewe na kitambulisho chako kwenye kituo chao cha huduma. Jambo hili halimalizwi kwa simu peke yake, lazima ukae mbele ya mtu.

Kuna wizi wa laini ulio mwepesi zaidi, na watu hawaufikirii: simu inakwapuliwa kwenye bodaboda, mwizi hashindani na kufuli la skrini, anachomoa laini anaiweka kwenye simu yake. Tarakimu zinaanza kuja kwake. Dawa yake ni pini ya laini yenyewe, ambayo kwenye simu nyingi iko chini ya Security, ikiitwa SIM lock. Kila laini inapowekwa kwenye simu au simu inapowashwa, pini hiyo inaombwa. Ukikosea mara tatu, laini inajifunga na kudai PUK, tarakimu nane ambazo mtandao wako unazo na huenda zimechapwa kwenye kadibodi iliyokuja na laini. Kwa hiyo kabla ya kuiwasha, tafuta kadibodi hiyo. Usipoipata, jua kwamba siku ukikosea utalazimika kuomba huduma kwa wateja.

Naongeza kisa changu, kwa sababu laini inaweza kukuponyoka bila mwizi yeyote. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na laini ya pili, nikaiacha droo ya meza miezi mingi bila kuipiga. Mtandao ukaichukua ukaiuza upya, jambo ambalo unaruhusiwa kulifanya. Siku moja mama mmoja akanitafuta kupitia rafiki, akaniambia, "Mwanangu, napokea namba za benki zenye jina lako, nizifanyie nini?" Alikuwa mtu mwema. Nilikuwa nimesahau kwamba namba ile bado imeandikwa kwenye akaunti zangu tatu. Ukibadilisha laini, zunguka kwanza kwenye kila akaunti uondoe ya zamani.

Umesema unatumia pini ile ile kila mahali, na huenda maneno yako ya siri ni hivyo hivyo. Sitakuambia utunge maneno ishirini wiki hii, hutafanya. Anza na Gmail peke yake, kwa kuwa anayeisoma barua pepe yako anaweza kubonyeza "nimesahau neno la siri" kwenye akaunti zako nyingine akapokea jibu yeye. Gmail ipewe neno ambalo halipo popote pengine. Urefu unashinda vituko vya alama: maneno manne yasiyohusiana, ya lugha unazozizungumza, ni magumu kukisiwa kuliko jina la mtoto lenye alama ya mshangao mwishoni. Kitu kama chura-mizani-jumapili-kiraka. Usichukue hicho, ndicho nilichokiandika hapa. Kisha ndani ya akaunti ya Google, kwenye Security, washa 2-Step Verification, na uchukue zile namba za akiba wanazokupa, ziko kumi, kila moja ya tarakimu nane na hutumika mara moja. Ndizo zitakazokuingiza siku laini ikipotea.

Utaziandika wapi? Wataalamu wenzangu wengine watakukataza daftari. Mimi sikukatazi. Mwizi aliyekuandikia Jumanne hawezi kufungua kabati lako Busia. Daftari linakuwa hatari kama unakaa na watu usiowaamini, au kama ni lile lile la madeni linalolala wazi kwenye duka. Kuacha simu ikuhifadhie maneno ya siri ni rahisi zaidi, lakini hapo kufuli la skrini ndilo linakuwa ufunguo wa vyote, na ulivyosema pini yako ni moja kila mahali, huenda msichana wa dukani anaijua. Kama anatumia simu yako kupokea wateja, basi daftari la nyumbani ni bora kwako. Pini ya momo usiiandike kokote.

Kuna jambo lingine dogo la skrini. Simu nyingi huonyesha meseji hata ikiwa imefungwa. Simu ikilala juu ya meza ya vitenge, mtu aliyesimama mbele yako anaweza kusoma tarakimu zikitua bila kuigusa. Kwenye mipangilio ya arifa, chagua maandishi ya meseji yafichwe skrini ikiwa imefungwa.

Kama siku 7 zikipita na bado tarakimu haziji kabisa kwenye laini, acha kujaribu nyumbani. Nenda kituo cha huduma cha mtandao wako na kitambulisho, waangalie kama laini bado imesajiliwa kwa jina lako na kama meseji zinaifikia. Mwanao aende nawe akitaka, ila simu ishike wewe.